Nguzo ya taa mbele ya jengo la zamani Mtaa wa India: naiondoaje kwenye picha bila madirisha kupinda?

Kapicha_Upanga
Wakuu habari zenu. Nina picha ya jengo la ghorofa moja la enzi za wafanyabiashara wa Kihindi, Mtaa wa India hapa mjini kati. Warithi wa jengo wanataka ichapishwe kubwa, upana wa mita moja, itundikwe dukani. Uso wa jengo una vipande vitano vinavyofanana, kila kipande kina dirisha refu la mbao juu na mlango wa duka chini, na kati ya kipande na kipande kuna nguzo ya plasta iliyotokeza kidogo ukutani. Juu ya kipande cha tatu, ambacho ndicho cha katikati, kuna kilemba cha plasta chenye mwaka wa ujenzi.

Sasa nguzo ya taa ya barabarani imesimama mbele ya kipande hicho hicho cha tatu. Inakata ubavu wa kushoto wa dirisha kuanzia juu mpaka chini, inapita kwenye mkanda wa plasta unaogawa ghorofa, na chini yake kuna kibao cha kukataza kuegesha kinachofunika sehemu ya mlango. Mkono wa taa nao umefunika tarakimu ya tatu ya mwaka.

Picha nimeipiga kwa pembeni kutoka upande wa pili wa barabara, kwa hiyo mistari ya mlalo inakimbilia kulia. Ya wima nimeshainyoosha. Nimejaribu Content-Aware Fill, ukuta mtupu umetoka safi, lakini mkanda wa plasta umekuwa na mawimbi na dirisha limepata fremu mbili. Natumia Photoshop. Nisaidieni.

Juma_Gerezani
Kaka, nguzo ya taa ya barabarani usiiguse hata kidogo. Hiyo ni mali ya umma na ina umeme. Andika barua kupitia serikali ya mtaa, eleza kwamba inazuia mbele ya duka, waje wataalamu waihamishe. Jirani yangu alihamishiwa ya kwake, ila gharama alilipa yeye.

Kapicha_Upanga
Asante kaka Juma, ila naongelea kuiondoa kwenye picha tu. Nguzo yenyewe ibaki mtaani, usiku inatusaidia.

Dogo_Editi
Mkuu hii ni kazi ndogo. Dirisha la pili si zima? Lizungushie, ulinakili kwenye leya mpya, ulisogeze mpaka la tatu, bonyeza Ctrl+T, ulipunguze mpaka liingie. Kwa kuwa la tatu liko mbali zaidi litakuwa dogo, basi unashika kona na kulivuta kwa uwiano. Halafu unafuta kingo kwa brashi laini. Mimi hivi nimefanya mabango mengi ya nyumba za kupangisha.

FundiMwanga
Dogo uko sawa kwenye nusu ya kwanza. Kunakili dirisha la pili kwenda la tatu ndiyo njia sahihi, na ni sahihi pia kutoa la karibu kwenda la mbali, maana likipunguzwa linabaki kali. Ukitoa la nne ukalikuza lije la tatu, litakuwa na ukungu kuliko ukuta unaolizunguka, na kwenye chapa ya mita moja kila mtu ataona.

Kosa liko kwenye kupunguza kwa uwiano. Kapicha, nipimie kitu kimoja kabla sijaendelea. Tumia rula ya programu, nipe upana wa kipande cha kwanza, cha pili na cha tatu kwa pikseli, kutoka ukingo wa nguzo ya plasta hadi ukingo wa inayofuata. Na urefu wa dirisha la pili ukipima katikati yake.

Kapicha_Upanga
Shikamoo FundiMwanga. Kipande cha kwanza 1200, cha pili 858, cha tatu 642. Dirisha la pili lina urefu wa pikseli 600.

FundiMwanga
Marahaba. Vipimo hivyo vimekaa vizuri, inaonekana jengo limejengwa kwa vipande sawa kweli, na lenzi yako haikupindisha sana.

Dogo angalia hapa. Kutoka kipande cha pili kwenda cha tatu, upana umeshuka kutoka 858 hadi 642. Hiyo ni asilimia 75. Lakini urefu wa dirisha haushuki kwa kiasi hicho. Ukivuta mistari ya juu na ya chini ya madirisha mpaka ikutane huko kulia nje ya picha, utaona dirisha la tatu linatakiwa kuwa na urefu wa pikseli 520 hivi, yaani asilimia 87 ya la pili. Ukuta ukitazamwa kwa pembeni, upana unaminywa mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu kitu kiko mbali, mara ya pili kwa sababu umekigeuzia ubavu zaidi. Urefu unaminywa mara moja tu. Zidisha 0.87 kwa 0.87 utapata hiyo 0.75.

Kwa hiyo ukishika kona ukavuta kwa uwiano, utachagua moja kati ya mabaya mawili. Ukilinganisha urefu, dirisha litakuwa pana kupita kiasi na litagusa nguzo ya plasta. Ukilinganisha upana, litakuwa fupi na mstari wa juu wa madirisha yote utadumbukia pale katikati. Na hata ukipata vipimo viwili sawa bado umbo halijakamilika, maana upande wa kushoto wa dirisha ni mrefu kuliko wa kulia, na vipande vya mbao vya ndani navyo vinazidi kubanana kuelekea kulia. Mtazamaji hatajua hesabu, ila ataona dirisha limebandikwa.

Dogo_Editi
Sawa mkuu, hapo nimekuelewa. Kwenye mabango yangu nyumba huwa napiga uso kwa uso, ndiyo maana sijawahi kuliona hili. Sasa anafanyaje, anashika kona moja moja na Distort?

FundiMwanga
Distort inafaa kwa dirisha moja. Kwa kazi hii ambayo ina dirisha, mkanda, nguzo ya plasta na mlango kwenye ukuta mmoja, ni afadhali atumie Vanishing Point, ipo kwenye menyu ya Filter. Unaionyesha ukuta ulivyolala, halafu kila unachonakili juu ya ukuta huo inakiminya yenyewe kwa vipimo nilivyoeleza.

Kapicha, kabla ya kuifungua fanya mambo mawili. Kwanza nyoosha lenzi kwa Lens Correction, kwa sababu Vanishing Point inaamini kila mstari ulionyooka ukutani umenyooka pichani. Lenzi pana huwa inavimbisha mistari iliyo karibu na kingo za picha, na ukiiacha hivyo nyavu zako zitakaa vizuri katikati tu, pembeni zitakimbia. Pili, tengeneza leya mpya tupu na uwe umeichagua hiyo, ili matokeo yaingie humo na picha ya chini isiguswe.

Ukiingia ndani, weka pembe nne za nyavu kwenye eneo kubwa. Usizifunge kwenye dirisha moja. Anzia ukingo wa nguzo ya plasta ya kwanza mpaka mwisho wa kipande cha tano, juu kwenye mkanda wa paa, chini kwenye mkanda wa ghorofa. Kosa la pikseli mbili kwenye dirisha moja linakuwa kosa kubwa ukilivuta jengo zima, lakini kosa hilo hilo kwenye nyavu za jengo zima halionekani. Nyavu zikiwa za buluu endelea. Zikiwa nyekundu au njano, pembe moja imekaa mahali pasipowezekana. Ila buluu maana yake ni kwamba umbo linawezekana tu, haikuhakikishii kwamba umelenga. Hakikisha kwa macho: panua nyavu mpaka chini kwenye milango, mistari yake ifuate vizingiti vya milango yote mitano. Kama inaviacha, rekebisha pembe kwanza.

Halafu chagua kwa Marquee kipande kizima cha pili, kutoka katikati ya ukuta mtupu wa kushoto mwa dirisha hadi katikati ya ukuta mtupu wa kulia. Heal iwe Off. Shika Alt, buruta kwenda cha tatu. Utaona dirisha linajiminya lenyewe likisogea. Lipatanishe na mstari wa juu wa fremu na ubavu wa kulia ambao bado unaonekana. Huo ubavu wa kulia ndio shahidi wako. Ukikaa juu ya ule wa asili bila kivuli cha pili, basi na ubavu wa kushoto uko mahali pake.

Bi_Sauda_Studio
Naongezea kwenye hiyo Heal. Vijana wengi wanaiwasha kila mahali kwa kuwa inalainisha rangi. Heal inachukua mwanga wa jirani ikauchanganya na kile ulichobandika. Ukutani hapo ni nzuri, lakini ikigusa ukingo wa giza, kwa mfano fremu ya dirisha au kivuli cha mkanda, inalivuta lile giza ndani ya plasta nyeupe na unapata doa kama la unyevu. Kwa hiyo kingo zote Clone Stamp ya kawaida, brashi yenye ukingo mgumu kiasi. Ukuta mtupu ndio upewe Healing, na usiufikishe kwenye ukingo, acha pikseli kumi na tano hivi.

Jambo lingine, mnaongelea nguzo tu, na nguzo ina kivuli. Kapicha umepiga saa ngapi? Kama jua lilikuwa linapiga, kuna mstari wa kivuli njiani na pengine unapanda ukutani. Halafu angalia vioo vya milango ya duka, nguzo huwa inajiona mle ndani. Nimeona picha nyingi ambazo nguzo imeondolewa vizuri, na kwenye kioo imebaki imesimama.

Kapicha_Upanga
Shikamoo Bi Sauda. Nilipiga saa tatu asubuhi, jua lilikuwa limeanza. Umenishtua, nimeangalia sasa hivi: kivuli kipo, kinavuka njia ya waenda kwa miguu na kukunja kupanda kwenye ngazi ya mlango wa nne. Kwenye kioo cha mlango wa tatu kuna mstari mwembamba wa nguzo pia.

FundiMwanga, nimejaribu Vanishing Point. Dirisha limekaa! Mkanda wa ghorofa umenyooka. Ila bado nasumbuka na tarakimu ya mwaka. Inasomeka 19, halafu mkono wa taa, halafu 4. Hapo sina cha kunakili.

Dogo_Editi
Weka 2, mtindo wa jengo unaonekana wa miaka hiyo. Hakuna atakayejua.

Msanifu_K
Naomba hapo msimame kidogo. Mimi ni msanifu majengo na ninafuatilia majengo ya eneo hilo kwa sababu mengi ya aina yake yameshabomolewa kupisha maghorofa. Kuna siku picha kama hii itakuwa ndiyo ushahidi pekee wa jengo lilivyokuwa. Tarakimu ya kubuni ikichapishwa mita moja na kutundikwa dukani, kesho mtu ataipiga picha kwa simu, na huo ndio utakuwa mwaka wa jengo.

Wasiwasi wangu haukomei kwenye tarakimu. Umenakili dirisha la pili kwenda la tatu. Una uhakika yanafanana? Kwenye majengo ya namna hii kipande cha katikati mara nyingi ndicho kilichopambwa zaidi. Huenda fundi aliweka upinde tofauti kidogo, au luva za mbao zilibadilishwa kwa vioo kwenye dirisha moja tu.

Kapicha_Upanga
Kaka Msanifu, upinde unafanana, nimelinganisha sehemu inayoonekana. Luva za la tatu chini zimevunjika mbili, za la pili ni nzima. Kwa hiyo ndiyo, nimekarabati dirisha la watu bila fundi. Na wenye jengo kwa kweli wanapenda liwe zima.

FundiMwanga
Tarakimu Kapicha usiibuni, nakubaliana na Msanifu. Na dawa yake ni rahisi kuliko yote tuliyoongea. Jengo lipo, na wewe uko Upanga. Rudi ukapige tena kutoka hatua chache pembeni. Kilichofichwa na nguzo sasa hivi kitakuwa wazi kwenye picha ya pili, na ukichukue kutoka huko. Niambie umbali: nguzo iko mita ngapi kutoka ukutani, na wewe ulisimama mita ngapi kutoka ukutani?

Kapicha_Upanga
Nguzo iko kama mita 2 kutoka ukutani. Mimi nilikuwa ng'ambo, kama mita 14 kutoka ukutani.

FundiMwanga
Basi kati yako na nguzo kuna mita 12, na nyuma ya nguzo mpaka ukutani kuna mita 2. Ukisogea mita moja sambamba na ukuta, nguzo itaonekana imehama ukutani kwa 2 gawanya kwa 12, yaani sentimita 17 hivi. Nguzo yenyewe ina unene wa sentimita 20, lakini kwa kuwa ulipiga kwa pembeni inaficha ukuta wa sentimita 25 hadi 30. Kwa hiyo mita moja haitoshi. Sogea mita 3, nguzo itahama nusu mita, na utapata ukanda wote wazi pamoja na akiba ya kushonea pembeni.

Kama nguzo ingekuwa nusu ya njia kati yako na ukuta, hatua moja ingetosha. Kadiri inavyokuwa karibu na ukuta ndivyo unavyolazimika kusogea zaidi. Mkono wa taa umejitokeza kuelekea barabarani, uko mbali zaidi na ukuta, kwa hiyo wenyewe utahama zaidi ya nusu mita. Angalia tu usiende kufunika tarakimu nyingine.

Nenda saa ile ile, saa tatu, ili vivuli vya chini ya mkanda viwe na urefu ule ule. Lenzi ile ile, kimo kile kile cha kamera. Jumapili ni nzuri, mjini magari ni machache.

Binti_Pangani
Samahani naingilia. Mimi situmii Photoshop, natumia GIMP kwenye kompyuta ya kazini, na nina picha ya mlango wa nyumba ya babu yangu Pangani ambayo kuna kibao cha chama mbele yake. Hayo ya Vanishing Point kwangu yapo? Na kibao kimekaa karibu kabisa na mlango, kama sentimita 30.

FundiMwanga
Binti, GIMP ina Perspective Clone. Unaanza kwenye Modify Perspective, unaweka pembe nne kwenye ukuta, halafu unahamia Perspective Clone na kuchora kama muhuri wa kawaida. Haina raha ya kuburuta dirisha zima, lakini inaminya sawasawa.

Kwa kibao cha sentimita 30 kutoka mlangoni, kusogea pembeni hakutakusaidia sana. Ukiwa mita 6, kila mita unayosogea inahamisha kibao kwa sentimita 5 tu. Utafika mahali mlango unauona ubavu na nakshi zake zinajificha zenyewe. Na kama ni mlango wa nakshi, upande wa kulia hauna budi kuchunguzwa kabla hujaunakili kwenda kushoto, maana mchongaji huwa harudii ua lile lile kwa kipimo kile kile. Kuna mtu wa nyumbani anaweza kuomba kibao kitolewe kwa dakika kumi?

Binti_Pangani
Nitamuuliza mjomba. Kimefungwa kwa waya tu.

Kapicha_Upanga
Wakuu nimerudi. Jumapili nilikwenda, nikasogea mita 3 kuelekea kushoto, nikapiga. Tarakimu imeonekana: ni 3, imekaa wazi kabisa. Dogo, 2 yako ingetupotezea miaka kumi!

Sasa tatizo. Nimeiweka picha mpya juu ya ya zamani, nikashika pembe nne kwa Distort, leya nikaiweka Difference kama nilivyosoma mahali, nikavuta mpaka ukuta ukawa mweusi. Nguzo za plasta zimekaa, mkanda umekaa, kilemba chenye mwaka kimekaa. Lakini dirisha limekataa! Fremu yake inaonyesha mstari mweupe mwembamba, kama imehama kushoto pikseli saba nane. Nikilipatanisha dirisha, ukuta wote unaachia. Auto-Align Layers nayo nimejaribu, imeleta hivyo hivyo.

Dogo_Editi
Si uvute tu kwa Warp hapo kwenye fremu mpaka ikubali?

FundiMwanga
Warp itakubali, lakini itapinda mbao za luva, na tutarudi kwenye mawimbi uliyoanza nayo.

Kapicha, hujakosea popote. Dirisha halipo kwenye ukuta. Limezama ndani kama sentimita 20, si ndiyo? Pembe nne unazovuta zinaweza kulinganisha bapa moja tu. Bapa la ukuta umelipata. Fremu iko kwenye bapa la pili, nyuma kidogo, na ulipohama mita 3, fremu ilihama nyuma ya ukuta kwa mita 3 mara 0.2 gawanya kwa 14.2, ambayo ni sentimita 4. Pale kwenye kipande cha tatu, mita moja ya ukuta inachukua pikseli 200 hivi. Sentimita 4 ni pikseli 8. Ndizo hizo saba nane zako.

Kwa hiyo panga mara mbili. Nakili ile leya ya picha mpya. Ya kwanza iache ilivyo, imeshika ukuta, weka kinyago chake kifungue ukuta, mkanda na kilemba tu pale nguzo ilipopita. Ya pili ivute mpaka fremu na luva ziwe nyeusi kwenye Difference, usijali ukuta ukiachia, halafu kinyago chake kifungue ndani ya dirisha peke yake. Leya zote mbili ukimaliza kupanga zirudishe Normal.

Mahali pa kukutana kwa hizo mbili ni ule ukuta mwembamba wa ndani wa dirisha, unaounganisha uso wa ukuta na fremu. Ule hauko kwenye bapa lolote kati ya hayo mawili. Kutoka ulikosimama mara ya pili unaonekana kwa upana tofauti na mara ya kwanza. Hapo utachora kwa mkono: chukua Clone Stamp, sampuli kutoka ukuta wa ndani wa dirisha la pili kwenye picha ya zamani, ambao ulionekana kwa pembe inayokaribiana. Ni ukanda mwembamba wa rangi moja yenye kivuli, dakika chache tu.

Bi_Sauda_Studio
Na kivuli cha njiani usikitoe kwa kufuta, kipandishe mwanga. Chagua kivuli, weka Curves, inua mpaka ulingane na jirani, kisha ukingo wake tu ndio upite na Clone. Mchanga na nyufa za njia vitabaki vya kweli. Ukifuta na kubandika njia nyingine, yale mabaka ya mafuta ya pikipiki yanajirudia na jicho linayakamata.

Kapicha_Upanga
Imekubali! Leya mbili, ya ukuta na ya dirisha. Luva mbili zilizovunjika zimerudi kama zilivyo. Kioo cha mlango nimekichukua kutoka picha ya pili lakini ndani yake anaonekana mtu aliyekuwa anapita Jumapili, nitamtafutia njia.

Swali: nitajuaje mkanda umenyooka kweli? Nimeutazama sana mpaka macho hayanisaidii.

FundiMwanga
Tengeneza nakala ya picha, nenda Image Size, ondoa ule mnyororo wa uwiano, upana upunguze hadi robo na urefu uache. Mistari ya mlalo itasimama mara nne zaidi, na kila kona iliyovunjika itajitokeza. Mkanda ulionyooka utabaki umenyooka hata ukiminywa. Ukivunjika pale nguzo ilipokuwa utaona kama goti. Kwa mistari ya wima fanya kinyume, minya urefu.

Kisha itazame kwa asilimia 100 ukiangalia chembechembe tu, usiangalie jengo. Sehemu uliyobandika ikiwa laini kuliko jirani, ongeza Noise kidogo kwenye leya hiyo mpaka isitofautike.

Kapicha_Upanga
Nimeminya. Mkanda wa ghorofa safi. Mkanda wa juu ulikuwa na goti la pikseli mbili kushoto kwa kilemba, nimelitengeneza. Asanteni sana.

Msanifu_K
Kazi nzuri. Ombi langu ni moja: picha mbili za awali, zenye nguzo, zitunze bila kuguswa pamoja na tarehe ulizopiga, na hii uliyosafisha iandikwe kwenye jina la faili kwamba imehaririwa. Mimi binafsi kwenye kumbukumbu ningeitaka yenye nguzo. Taa ile nayo ni sehemu ya mtaa wa leo.

Bi_Sauda_Studio
Hapo kaka Msanifu hatutakubaliana. Mwenye jengo amelipia kuliona jengo la mzazi wake, na kila kilichowekwa hapo sasa kimetoka kwenye ukuta wenyewe, kimepigwa na kamera. Kama ni ile ya mwanzo yenye dirisha la kunakili ningekuelewa.

Msanifu_K
Ukanda wa ndani wa dirisha umetoka dirisha la pili, Bi Sauda. Na kioo cha mlango hakijaisha.

Kapicha_Upanga
Kwa kioo nafikiria kurudi Jumapili ijayo, nipige hicho peke yake mlango ukiwa umefungwa na hakuna anayepita. Kuna mwenye njia nyingine?

Binti_Pangani
Mjomba amekubali kufungua waya. Ijumaa nakwenda.